Niliwaambia wenzangu akiba yao iko sawa

Wenzangu wa stoo hapa Bisil waliniletea taarifa zao za NSSF niwasomee, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika vitabu. Nilizisoma, nikawaambia kila kitu kiko sawa. Haikuwa kweli, na kosa ni langu.

Taarifa yangu ya Julai 2024 hadi Juni 2025 ndiyo niliyoitumia kama kipimo. Miezi yote 12 ilikuwepo, hakuna uliorukwa. Kila mwezi ulionyesha 720 za mwanachama na 720 za mwajiri. Safu mbili zinalingana, basi nikaamini tajiri anatoa sehemu yake.

Sikuchukua karatasi yangu ya mshahara nikaiweka kando ya taarifa. Mshahara wangu ni 24,000. Kwa Sheria ya NSSF ya 2013, ambayo viwango vyake vilianza kutozwa Februari 2023, mfanyakazi hukatwa asilimia 6 na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Asilimia 6 ya 24,000 ni 1,440, na ndizo nilizokatwa kila mwezi. Zilizofika NSSF kwa jumla, za kwangu na za tajiri, zilikuwa hizohizo 1,440. Mwajiri alikuwa ameandika kwamba nalipwa 12,000. Makato yangu yakagawanywa nusu kwa nusu, na nusu moja ikaingia kwa jina lake. Yeye hakutoa hata shilingi.

Salio nalo lilinipumbaza. Mwaka ulianza na 52,000 ukaisha na 74,480, nami nikafurahia ongezeko la 22,480 bila kulichambua. Ukitoa michango ya mwaka, yaani 1,440 mara 12, ambayo ni 17,280, inabaki 5,200. Hiyo ndiyo faida iliyowekwa na mfuko. Michango ilipaswa kuwa 34,560. Na zile 17,280 zilizokosekana hazizai faida, kwa sababu mfuko hauwezi kugawia faida pesa usiyoipokea. Pengo hilo litazidi kupanuka hadi nitakapostaafu.

Niligundua siku mwenzetu mmoja alipoacha kazi na kuniuliza mbona salio lake ni dogo hivyo. Ndipo nikatafuta karatasi zake za mshahara, nikalinganisha mwezi kwa mwezi: kilichokatwa, mara mbili, dhidi ya kilichofika. Kila mwezi ulipungua kwa nusu.

Niliwaita wote, nikawaeleza nilivyowapotosha. Waliotunza karatasi zao tulikwenda nao NSSF kulalamika, maana ndizo zinazoonyesha mshahara halisi na kiasi kilichokatwa. Wapo waliozitupa baada ya mimi kuwaambia hakuna shida. Hao wanategemea ujumbe wa M-Pesa wa mshahara, nao huonyesha tu pesa zilizobaki baada ya makato yote. Sasa naketi nao kila jioni baada ya kufunga stoo, tukitafuta kwenye vitabu vya malipo nilivyoviandika mwenyewe mshahara wa kila mmoja kabla haujakatwa.