Dawa au Pasi

Shule nyingi za Uganda huwataka wasichana wanyoe nywele, kwa hiyo wengi wetu hapa Dabani huanza kuamua juu ya vichwa vyetu tukishamaliza kidato cha sita. Binamu yangu aliweka dawa. Mimi nilichagua pasi. Kwa mwaka mmoja tumekuwa tukilinganisha nywele zetu, na mifuko yetu pia.

Dawa huvunja viungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake la kujikunja. Vikishavunjika havirudi, hata nywele zikilowa. Ndiyo maana binamu yangu hutembea kwenye mvua bila wasiwasi. Lakini dawa hiyo ni kali kama magadi ya kutengenezea sabuni, nayo huchoma ngozi yenye mikwaruzo. Kwa hiyo hajikuni kichwa siku chache kabla ya kwenda saluni.

Kila baada ya wiki 8 hivi mizizi yake huwa imeota kama sentimita 2. Dawa inapaswa kugusa hapo tu. Safari moja msusi wa mjini Busia aliivuta kwa kitana mpaka kwenye ncha. Sehemu iliyokuwa imeshalainishwa ikapata dawa mara ya pili, na kufikia wiki ya tatu nywele zilikuwa zikikatika katikati, vipande vifupi vikibaki kwenye mto. Unywele unaong'oka huja na kijinundu cheupe cha mzizi. Vile havikuwa nacho. Tulijua vimekatika.

Pasi yangu hulegeza viungo vidogo ambavyo maji huvirudisha. Mvua moja ya Dabani inatosha kunirudishia kipilipili changu. Kurudi huko ndiko kipimo changu: nikiosha nywele, nikaona shungi limebaki limenyooka, nitajua moto umeshaliunguza, na hakuna mafuta yatakayoliponya. Kwa hiyo sizidishi nyuzi 180, napitisha pasi mara moja tu, tena juu ya nywele zilizokauka kabisa. Ukisikia zikichachatika, maji yanachemka ndani ya unywele.

Tukafanya hesabu. Binamu huweka dawa mara 6 kwa mwaka, kwa shilingi 25,000 za Uganda kila mara: 150,000. Akiongeza kuosha na kufukiza kila mwezi kwa 10,000, anafika 270,000. Mimi hupiga pasi kila wiki 2, mara 26 kwa 10,000: 260,000. Tofauti ni ndogo sana.

Kinachotutenganisha ni mwezi wa ada, pesa zinapokwisha. Mimi nikikosa pasi, nasuka mistari na kusubiri. Yeye akichelewa sana, mizizi migumu hukutana na urefu laini, na pale zinapoungana ndipo kitana huzikatia. Nywele zake haziwezi kusubiri ada ilipwe.