Swichi ya Malipo Mapya

Duka letu la mtandaoni, jijini Dar es Salaam, liliuza vyombo vya nyumbani, na karibu wateja wote walilipa kwa simu. Ili kulipa walipitia kurasa nne: anwani, usafirishaji, namba ya simu, uthibitisho. Ilipoamuliwa zote ziwe ukurasa mmoja, mimi ndiye niliyekabidhiwa kazi ya kuufikisha kwa wateja. Niliweka sharti: njia ya zamani ibaki hai ndani ya programu ileile, na swichi ndiyo iamue kila mteja apite wapi.

Swichi yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu:

```
crc32("malipo_mapya:" + mteja_id) % 100 < asilimia
```

Hesabu hiyo humpa kila mteja namba kati ya 0 na 99, na namba haibadiliki. Aliyeuona ukurasa mpya asubuhi atauona jioni pia, na tukipandisha kutoka 5 hadi 20, wale wa mwanzo wanabaki humo. Jina la swichi limo ndani ya hesabu kwa makusudi. Bila hilo, watu walewale ndio wangekuwa wa kwanza kujaribiwa kila jambo jipya, na hiyo ni dhuluma.

Thamani ya asilimia ilikaa kwenye hifadhidata, na kila seva iliisoma upya kila baada ya sekunde 30. Kwa hiyo kuzima hakukuhitaji kupandisha toleo, kazi iliyokuwa ikitula karibu nusu saa. Na hifadhidata isipojibu, seva ilihesabu asilimia kuwa sifuri, yaani njia ya zamani.

Tulianza na wafanyakazi wenyewe, kisha asilimia 5. Grafu ikapanda. Malipo yaliyokamilika kwa kila vikapu mia yalikuwa mengi zaidi upande mpya, na bosi akataka twende 50 siku hiyohiyo. Mimi sikuiamini furaha ile ya haraka, lakini sikuwa na hoja, mpaka dada wa huduma kwa wateja alipokuja mezani kwangu na daftari lake.

“Kaka, kuna mama wa Mbagala kakatwa hela mara mbili kwa sufuria zilezile. Na huyu ni wa tatu tangu asubuhi.”

Nikaacha kuhesabu malipo, nikahesabu vikapu. Hapo ikaonekana: upande mpya, vikapu kadhaa vilikuwa na malipo mawili. Ndiyo maana grafu ilipanda. Ukurasa mpya ulisubiri sekunde 30, kisha ukaonyesha kitufe cha “Jaribu tena”. Lakini mtu anayelipa kwa simu hupokea ujumbe wa kuomba namba ya siri, na huenda simu iko chumbani, au ni ya mume wake. Alipobonyeza tena, ombi la pili lilitumwa la kwanza likiwa bado hai, naye akayajibu yote mawili.

Nikaandika sifuri. Ndani ya sekunde 30 hakuna mteja mpya aliyeingia upande ule.

Wale waliokwisha kuingia ndio walionipa kazi. Mteja akiwa ameshapokea ujumbe kwenye simu, swichi haiwezi kumrudisha nyuma. Fedha zitakuja, na jibu la kampuni ya simu litagonga seva zetu dakika moja au mbili baadaye. Tulikuwa tumejiandaa kwa mambo mawili. Uamuzi wa swichi uliandikwa kwenye kikapu pale mteja anapoanza kulipa, hivyo hakuna aliyebadilishiwa ukurasa katikati. Na sehemu inayopokea majibu ya malipo haikuuliza swichi kabisa. Ilitafuta namba ya kikapu tu, ikasajili fedha. Kwa hiyo mikia ya ukurasa mpya iliendelea kuingia baada ya kuuzima, na kila shilingi ilipata kikapu chake. Waliolipa mara mbili tuliwarudishia kwa kufuata orodha ya malipo hayo.

Dawa ilikuwa kuuliza kwanza hali ya ombi la kwanza, na kukifunga kitufe mpaka ombi hilo lijibiwe au limalize muda wake. Tukarudi asilimia 5, safari hii tukitazama oda kwa kila kikapu. Ongezeko lilikuwepo kweli, ila dogo kuliko lile lililomfurahisha bosi.

Tulipofika 100 tulikaa hapo wiki kadhaa, kisha nikafuta njia ya zamani pamoja na swichi. Wenzangu wakauliza haraka ya nini. Niliwasimulia habari ya Knight Capital ya Marekani: tarehe 1 Agosti 2012 swichi ya zamani ilipewa kazi mpya, seva moja kati ya nane ikiwa bado na programu ya kale, na katika dakika 45 hivi kampuni ikapoteza zaidi ya dola milioni 400. Mmoja wao akauliza kama jina `malipo_mapya` tunaweza kulitumia tena kwa mradi wa mwakani. Nikamwambia atafute jingine.