Pawabenki inayojaa haraka nayo ni mgonjwa

Mnunuzi mmoja wa maharage huku Mbozi huwalipa wakulima kwa simu. Msimu huu simu ilimzimikia kwenye mzani, mkulima amesimama na gunia lake. "Bwana shamba, hii pawabenki imekufa, inalala kwenye umeme mpaka asubuhi na haishiki chaji," aliniambia.

Hayo ni magonjwa mawili, na kila moja lina chanzo chake. Pawabenki yake imeandikwa 10000mAh. Kwa chaja ya 5V 2A inatakiwa kujaa kwa saa nne hadi tano. Kwa chaja ndogo ya 5V 1A, saa tisa ni kawaida, kwa hiyo soma chaja yako kabla ya kulaumu kitu kingine.

Chaja ya dada huyu ilikuwa ya 2A. Waya ndio ulikuwa mwembamba, wa mita mbili. Shaba nyembamba ikiwa ndefu inakula volti njiani, na kifaa kikiona volti zimeshuka kinapunguza umeme kinaovuta. Nyaya nyingine zina maandishi ubavuni: 28AWG ni nyembamba, 24AWG ni nene. Namba ikipungua, shaba inaongezeka. Tuliweka waya mfupi mnene.

Ikajaa kwa saa moja na nusu tu. Yeye alifurahi, mimi nikashtuka. Debe lililojaa mawe hujaa kwa maji kidogo. Seli zilizochoka nazo hujaa upesi kwa sababu nafasi ya kuweka umeme imepungua.

Tukaipima kwa simu yake yenye betri ya 5000mAh, ikiwa imezimwa. Pawabenki nzima ya ukubwa ule huijaza mara moja na nusu hivi. Haifiki mara mbili hata ikiwa mpya, maana umeme mwingine hupotea ukipandishwa kutoka volti 3.7 za seli hadi 5 za kutokea. Yake ilitoa simu asilimia 10 ikaifikisha 45, ikazima. Imebaki chini ya robo. Alikuwa akiiacha juu ya magunia, chini ya bati, na joto ndilo linalozeesha seli kuliko kitu chochote.

Kabla ya kukata shauri tulihamisha waya tundu la pili, kwa sababu tundu bovu pia hukata chaji katikati. Tundu bovu utalijua: ukigusa waya, chaji inakuja na kuondoka, na tundu jingine linafanya kazi vizuri. Wakati mwingine ni vumbi tu. Litoe kwa kijiti kikavu, si sindano. Hapa matundu yote yalitoa sawa, basi ni seli.

Nilimwambia anunue nyingine. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kuvimba, na iliyovimba haichajiwi tena, haitobolewi, wala haikai ghalani karibu na magunia.