Misisi: Wi-Fi iko, lakini sauti hazifunguki

Mama mmoja aliyekimbia kijiji chake, na sasa amepokelewa hapa Misisi, aliniambia: «Mwanangu, sauti anazonitumia mtoto aliyebaki Baraka hazifunguki.» Nikamwomba anitumie picha ya kioo cha simu, pale panapoonyesha habari za Wi-Fi.

Niliona 5 GHz, na nguvu ya rezo ni dhaifu. Mawimbi hayo ni ya haraka, lakini ukuta wa tofali huyachosha upesi, naye analala nyumba ya pili kutoka kwenye kisanduku cha Wi-Fi. Nikamwambia achague jina lingine la kisanduku kilekile, lile la 2.4 GHz.

Picha ya pili: nguvu nzuri, 65 Mbps. Jioni sauti bado zilikwama! Hiyo 65 ni mwendo kati ya simu na kisanduku tu. Haisemi kitu juu ya njia ya kutoka kisandukuni kwenda nje, ambayo majirani wote wanagawana.

Basi akajaribu saa kumi na moja alfajiri, wengine wamelala. Zilifunguka zote. Mtoto alikuwa anauliza kama aje.