Mstari wa sifuri ulioniponza

Najua kimya kimekuwa kirefu, ila huku testi zimefululizana hadi mtu unasahau leo ni siku gani. Leo sina umbea wa kantini. Nataka kuungama.

Usiku wa kuamkia testi ya aljebra tulikaa wanne chumbani kwetu tukipiga msuli. Kwa vile mimi nasomea ualimu, wenzangu wakanipa kalamu nifundishe. Tukafika kwenye vekta huru na vekta tegemezi. Nikawaambia kwa kujiamini kabisa: "Panga vekta kwenye matriksi, punguza, ukiona mstari mzima wa sifuri andika tegemezi, nenda swali lingine." Wote wakaandika kwenye daftari.

Majibu yametoka juzi. Swali hilo lilikuwa na maksi 10 na wote wanne tumepata 2. Mmoja wetu anahitaji kila maksi ili asiende sapu. Na amekosa kwa maneno yangu.

Swali lenyewe hili hapa. Je, vekta (1,0,2,1), (1,1,3,2) na (0,1,2,3) ni huru? Nilizisimamisha kila moja kwenye safu yake, kama lekchara anavyofanya. Hapa nikisema safu namaanisha ya kusimama, na mstari ni wa kulala.

```
1 1 0
0 1 1
2 3 2
1 2 3
```

Nikapunguza. Mstari wa tatu nikatoa mara mbili ya wa kwanza, wa nne nikatoa wa kwanza. Kisha yote miwili nikaitoa mstari wa pili, ikabaki 0 0 1 na 0 0 2. Mwisho mstari wa nne nikatoa mara mbili ya wa tatu:

```
1 1 0
0 1 1
0 0 1
0 0 0
```

Hesabu yote iko sawa, hakuna tarakimu iliyokosewa. Nikaona ule mstari wa chini, nikaandika "tegemezi". Maksi 2 ni za kupanga matriksi, nadhani kwa huruma.

Rumeti wangu anasoma takwimu na usiku ule hakuwepo. Nilipomwonyesha karatasi akaniuliza: "Mwalimu, hebu niambie kwanza, swali lilikuwa linauliza nini?" Nikasema linauliza kama vekta ni huru. Akasema, "Hiyo ni lugha. Linauliza nini?"

Hapo ndipo nilipogundua nilikuwa nafuata desa tu. Swali linauliza hivi: tukizidisha vekta ya kwanza kwa a, ya pili kwa b, ya tatu kwa c, tukajumlisha tukapata vekta ya sifuri tupu, je, ni lazima a, b na c zote ziwe sifuri? Kama ni lazima, vekta ni huru. Kama kuna njia nyingine, ni tegemezi, maana kuna angalau moja inayoweza kuundwa na wenzake.

Sasa rudi kwenye matriksi. Kila safu ni ya herufi moja: ya kwanza ni ya a, ya pili ya b, ya tatu ya c. Kila mstari ni mlinganyo mmoja. Ukipunguza kwa njia ya Gauss unabadilisha sura ya milinganyo, lakini majibu yake hayabadiliki. Pivoti ni ile namba ya kwanza isiyo sifuri kwenye kila mstari ukishafika umbo la ngazi, na safu yenye pivoti ina maana herufi yake imebanwa. Soma kutoka chini: mstari wa tatu unasema c = 0. Wa pili unasema b + c = 0, basi b nayo ni sifuri. Wa kwanza unasema a + b = 0, basi a pia imekwisha. Safu tatu, pivoti tatu, vekta huru.

"Na mstari wa sifuri?" nikauliza. Akacheka. "Huo unasema sifuri ni sawa na sifuri. Wewe ulikuwa hujui?"

Kumbe vekta tatu zenye namba nne nne zinatoa mistari minne na safu tatu. Pivoti haziwezi kuzidi tatu kwa sababu kila safu inabeba moja tu. Kwa hiyo mstari mmoja wa chini lazima uishe kuwa sifuri, vekta ziwe huru au zisiwe. Nilitumia kama ushahidi kitu ambacho kingetokea kwa vyovyote.

Nikakumbuka na chanzo. Ile kanuni yangu si ya uongo, ila ni ya mpangilio mwingine. Ukizilaza vekta, kila moja kwenye mstari wake, mstari wa sifuri unamaanisha kweli kwamba vekta moja imemalizwa na wenzake. Mimi nilichukua kanuni ya kulaza nikaitumia kwa vekta zilizosimama.

Ili nisisahau tena, rumeti akanipa (1,2,-1), (2,5,1) na (3,8,3). Ukizitazama mbilimbili hakuna iliyo mara kadhaa ya nyingine, kwa hiyo jicho linasema huru. Nikazisimamisha:

```
 1 2 3
 2 5 8
-1 1 3
```

Mstari wa pili ukitoa mara mbili ya wa kwanza unapata 0 1 2. Wa tatu ukijumlisha wa kwanza unapata 0 3 6, na hiyo ni mara tatu ya 0 1 2, kwa hiyo inafutika.

```
1 2 3
0 1 2
0 0 0
```

Safu tatu, pivoti mbili. Safu ya tatu haina pivoti, yaani c haikubanwa na unaweza kuipa namba yoyote. Ipe 1. Mstari wa pili unasema b = -2, na wa kwanza unasema a = 1. Rudi kwenye vekta zenyewe: ya kwanza, toa mara mbili ya pili, ongeza ya tatu. Namba za kwanza ni 1 - 4 + 3, sifuri. Za pili ni 2 - 10 + 8, sifuri. Za tatu ni -1 - 2 + 3, sifuri. Hizi ni tegemezi kweli.

Nimependa hapo zaidi, kwa sababu ukisema "tegemezi" lazima uweze kutaja nani anamtegemea nani. Ukishindwa kutoa a, b na c zinazoleta sifuri, kuna mahali umekosea. Ningejaribu hivyo kwenye testi ningekwama palepale na kujua jibu langu ni bovu.

Jana nilienda kwa wale watatu na karatasi yangu. Nikawaambia kanuni niliyowapa waifute, waandike: vekta zikisimama, hesabu safu, hesabu pivoti, zikilingana ni huru. Yule wa sapu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa ticha. Lakini testi ya pili tunasomea chumbani kwangu."

Nanyi mnaosoma hapa nawaachia moja: vekta nne zenye namba tatu tatu, zinaweza kuwa huru? Msipunguze chochote. Hesabuni mistari kwanza.

Alamsiki.