Kuitafuta Ndugu ya "Nyota"

Iko albamu moja ya taarabu ambayo naipenda kuliko zote nilizo nazo. Jina lake ni Nyota, nayo imekusanya nyimbo za vilabu viwili vya Tanga, Black Star na Lucky Star. Ilitolewa mwaka 1989 na lebo ya Globestyle ya Uingereza. Naipenda kwa sababu ambayo mshairi yeyote ataielewa: kila neno linasikika. Mwimbaji hafukuzani na ala, na kituo cha kati cha mshororo, pale mizani nane za kwanza zinapokwisha, hakimezwi na kelele. Ukikaa na kalamu unaweza kuliandika shairi zima kwa kusikiliza mara moja.

Nilitaka nyingine ya namna ile. Kazi hiyo imenifunza kwamba jina la mtindo, ambalo wengi wetu huanza nalo, ndilo kiongozi dhaifu kuliko wote.

Chukua neno lenyewe. Jalada la Nyota limeandika "tarabu". Unguja huandika "taarab", na kamusi zetu zina "taarabu". Asili ni neno la Kiarabu lenye maana ya kusisimka kwa furaha au kwa huzuni, lakini kwa mtafutaji haya ni majina matatu ya kabati tatu tofauti, maana anayetafuta kwa tahajia moja huenda asiletewe yaliyoorodheshwa kwa nyingine. Nashauri zote tatu zijaribiwe. Hata hivyo, kabati zikishafunguka, neno hili linafunika mambo yasiyofanana: Ikhwani Safaa ya Unguja, klabu iliyoanzishwa mwaka 1905, yenye fidla nyingi na ganuni, na mipasho ya miaka ya 1990, ambapo kinanda cha umeme hubeba karibu kila kitu na maneno hurushwa kama mawe. Zote ni taarabu. Hakuna hata moja iliyo ndugu wa karibu wa Nyota.

Nikaugeukia wakati. Hapa pana mtego, kwa kuwa 1989 ni mwaka wa kutolewa kwa mkusanyo, wala si mwaka wa kuimbwa. Anayetafuta taarabu ya 1989 atapelekwa kwenye zama ambazo vilabu vya Tanga vilikwisha kupisha vikundi vya Dar es Salaam. Nyimbo zenyewe ni za enzi ya santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, ambayo uso wake mmoja hubeba takriban dakika tatu au nne. Urefu wa wimbo, kwa hiyo, ni ushahidi wa umri wake. Wimbo wa Unguja unaopigwa ukumbini huweza kupita dakika kumi, ukitanguliwa na ala peke yake na kila ubeti ukirudiwa. Santuri haina nafasi hiyo. Mtunzi analazimika kuchagua beti chache, mara nyingi za mishororo mitatu mitatu, na wapigaji wanaingia upesi. Ule ufupi nilioudhani kuwa tabia ya Tanga ulikuwa kwa sehemu kubwa kipimo cha duara la plastiki. Tangu hapo, kabla ya kusikiliza mkusanyo wowote, hutazama kwanza dakika zilizoandikwa kandoni mwa kila wimbo.

Kiongozi wa tatu, ala, ndiye aliyenifikisha mbali zaidi, na kwake ninapendekeza mtu akae. Njia yangu ni kuisikiliza sauti ya chini kabisa kabla ya kumsikiliza mwimbaji. Katika Nyota ile sauti nzito ni ya gitaa la besi la umeme. Katika Culture Musical Club ya Unguja ni ya fidla kubwa ya kusimama, inayodonolewa kwa vidole. Tofauti hiyo moja hubadili mambo mengine yote. Gitaa la besi huweka pigo fupi lenye mpaka, nalo gitaa la juu hujibu kwa vifungu vifupi baina ya mishororo, kisha hunyamaza mwimbaji anaporudi. Fidla kumi haziwezi kunyamaza hivyo. Hutembea pamoja na sauti ya mwimbaji na kuipamba, na pambo hilo, zuri kama lilivyo, ndilo linaloziba silabi. Black Star ndio waliosifika kwa kuliingiza gitaa na besi katika taarabu, na mfano wao ukaigwa hadi Mombasa na hata Burundi. Basi sikuwa natafuta taarabu tena. Nilikuwa natafuta taarabu ya gitaa, iliyorekodiwa kwa santuri, kati ya Tanga na Mombasa.

Hapo mtayarishaji akaingia. Katika taarabu ya santuri ya mwambao, mara nyingi mtayarishaji hakuwa fundi wa studio kama tunavyomwelewa leo, bali mwenye duka. Jina linalojirudia ni Assanand, duka la Mombasa lililokuwa na lebo ya Mzuri. Kulifuata jina hilo kuna faida na hasara. Faida ni kwamba unapata enzi moja na wapigaji waliosikiana. Hasara ni kwamba mwenye duka hurekodi kinachonunuliwa, hivyo chini ya paa moja utakutana na udi mtulivu, na ngoma ya chakacha pia.

Yuko na mtayarishaji wa pili: mkusanyaji. Werner Graebner, mtafiti Mjerumani, ndiye mhariri wa mfululizo uitwao Zanzibara. Mkusanyo wa 10 unakusanya taarabu ya Mombasa na Tanga ya 1970 hadi 1990, na kwa sikio langu hakuna kilicho karibu zaidi na Nyota. Nafasi ya pili naipa Jino la Pembe ya Zuhura Swaleh na kikundi cha Maulidi. Humo kuna tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo kama vya taipureta, iliyobuniwa Japani na kuzoeleka Mombasa. Mlio wake ni mkali na ngoma zimesogea mbele, kwa hiyo maneno yanahitaji kusikilizwa mara mbili. Lakini Bi Zuhura ana ulimi usiomung'unya.

Kipo kipimo cha tano ambacho wauza muziki hawakiweki kwenye orodha zao, nacho ni mtunzi. Zein l'Abdin wa Lamu alipiga udi, si gitaa. Kwa kigezo cha ala angeachwa nje. Lakini aliimba tungo za Ahmed Sheikh Nabhany, na ukimsikiliza unaona kuwa mpigaji amelisoma shairi kabla ya kuigusa ala. Ndivyo ilivyo pia kwa Juma Bhalo alipoziimba tungo za Ahmad Nassir, ingawa lahani zake nyingi zilitoka katika filamu za Kihindi. Katika rafu yangu, Zein amekaa kando ya Nyota, na ala zao hazikaribiani hata kidogo.

Kwa vilabu vya Tanga njia hii ya mtunzi ni ngumu zaidi. Sauti ya Shakila Said naitambua kwa mshororo mmoja tu, lakini sauti haimtaji aliyeandika. Kikaratasi cha katikati ya santuri kilikuwa na nafasi ya jina la klabu, la wimbo, na pengine la mwimbaji. Kwa sasa nazipanga beti kwa vina vyake, nikiangalia ni zipi zinazopenda kumalizia kwa vina vilevile na kurudia tamathali zilezile, na tayari ninazo nne zinazofanana mno kuwa za mikono minne tofauti.