Chapwa Si Upungufu wa Chumvi Tu

Chakula kisicho na ladha huitwa chapwa. Kilichopata ladha yake husemwa kimekolea. Kwa kuwa kitenzi hiki huandamana mno na chumvi, wapishi wengi hudhani uchapwa una dawa moja tu.

Hebu tutazame mfano wa mke kijana wa Mombasa aliyewaandalia wakwe zake chakula cha mchana kwa mara ya kwanza. Alikuwa amepanga wali wa nazi, mchuzi wa samaki wa nazi na maharagwe ya nazi. Alipouonja mchuzi, akauona umepooza. Akatia chumvi, kisha akaongeza. Chumvi ilisikika, lakini mchuzi ulibaki mzito kinywani.

"Basi, mwanangu," mavyaa yake akamwambia alipoonjeshwa. "Chumvi ikizidi haichoteki."

Bibi huyo akateka mchuzi kidogo katika vibakuli vitatu. Cha kwanza akakiacha kilivyo. Cha pili akakitia chembe za chumvi. Cha tatu, tone la ndimu. Wakaonja kila kimoja pamoja na tonge la wali, maana wali huufifisha mchuzi, na mchuzi ulio sawa kijikoni huweza kuwa chapwa sahanini. Cha pili kikawa kikali kwa chumvi. Cha tatu kikachangamka. Kumbe kilichokosekana ni uchachu: mafuta ya tui hutanda ulimini, nao uchachu huukata uzito huo.

Mke kijana akaroweka ukwaju katika nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu kwa dakika 15, akaupekecha na kuuchuja. Aliutia kijiko kimoja kimoja juu ya moto mdogo, akionja kila mara. Cha tatu kikatosha. Ukali wa ukwaju ulipojitokeza, alitia sukari kiasi cha kufinya kwa vidole viwili. Sukari haiondoi uchachu, huutuliza tu. Ikianza kutambulika yenyewe, imezidi. Lau uchungu ungetokana na kitunguu saumu kilichoungua, hakuna kiungo ambacho kingeuponya, na ingebidi aanze upya.

Hata hivyo, kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika mpango wa mlo wenyewe: vyakula vitatu, vyote vya tui. Mavyaa akashauri kwamba maharagwe, ambayo yalikuwa hayajatiwa nazi, yaungwe kwa nyanya, ili yalete uchachu na utamu kidogo. Akaagiza pia mchunga uchemshwe, kwa kuwa uchungu wa mboga hiyo humpumzisha mlaji kutokana na mafuta.

Kwa hiyo, si lazima kila chungu kibebe utamu, uchachu, chumvi, uchungu na mafuta. Inatosha vitano hivyo vikutane katika sahani moja. Mpishi anayeandika ladha kuu ya kila chakula kando ya jina lake kabla ya kwenda sokoni ataona mapema palipo na mafuta matatu bila uchachu hata mmoja.